Wiki nne za GRE kwa anayefanya zamu ya usiku Nairobi

Mwongozo huu nimeuandika nikimfikiria mtu mmoja. Ana digrii, anaomba nafasi ya uzamili katika chuo kinachodai mtihani wa GRE, na anaishi Umoja. Kazi yake ni kupokea simu za wateja wa ng'ambo katika ofisi moja Westlands, anaingia saa nne usiku na kutoka saa kumi na mbili asubuhi, usiku tano kwa wiki. Amebakiza wiki nne. Kama wewe ni muuguzi, mlinzi au mtu wa ghala na zamu yako inaanza saa nyingine, sogeza saa zangu mbele au nyuma, lakini usibadilishe mpangilio wenyewe.

Wengi katika hali hii hulalamika kwamba hawana muda. Muda ni mchache kweli, ila nimeona tatizo jingine linalowaumiza zaidi: wanafanya mazoezi ya kasi saa ambazo mwili umechoka, halafu wanayasoma matokeo kana kwamba yanaeleza ujuzi wao. Mtu akifika nyumbani saa moja asubuhi, anywe chai, akae na maswali ya hesabu, atakosa mengi. Ataamini hajui asilimia na uwiano, atazisoma upya wiki nzima, na kumbe kilichomshinda ni usingizi. Mpango wote huu umejengwa juu ya kutenganisha mambo hayo mawili.

Jua kwanza unashindana na saa gani

GRE ilifupishwa Septemba 2023. Sasa inachukua saa 1 na dakika 58, na hakuna mapumziko. Inaanza na insha moja ya dakika 30. Baada ya insha zinafuata sehemu mbili za lugha ya Kiingereza na mbili za hesabu. Sehemu ya kwanza ya hesabu ina maswali 12 kwa dakika 21, ya pili maswali 15 kwa dakika 26. Za lugha ni maswali 12 kwa dakika 18, kisha 15 kwa dakika 23.

Ukigawanya, unapata takriban dakika moja na sekunde 45 kwa kila swali la hesabu, na dakika moja na nusu kwa kila swali la lugha. Hizo ndizo namba mbili za kubeba kichwani kwa wiki nne.

Mambo mengine mawili yanaamua namna ya kufanya mazoezi. Ndani ya sehemu moja unaweza kuliwekea swali alama, ukaliruka, ukalirudia kabla muda haujaisha. Tena jibu lisilo sahihi halikupunguzii alama, kwa hiyo swali lililoachwa wazi ni hasara tupu. Ugumu wa sehemu ya pili hutegemea ulivyofanya ya kwanza, na ndiyo maana kuzama dakika nne katika swali moja la mwanzo kunagharimu zaidi ya swali hilo moja.

Weka tarehe na saa kabla ya kufungua kitabu

Hili watu huliacha hadi mwisho, nami ningependa liwe la kwanza. GRE hufanywa katika kituo cha mtihani au nyumbani. Ya nyumbani ina nafasi mchana na usiku, siku zote saba za wiki. Kwa mtu wa zamu ya usiku hii ni fursa kubwa, kwa sababu unaweza kuuleta mtihani kwenye saa ambazo mwili wako uko macho. Kwa mtu wetu anayelala asubuhi na kuamka alasiri, saa hiyo ni kama kumi na moja jioni.

Ukichagua kituo, nafasi nyingi zitakuwa za mchana. Ukipewa saa tatu asubuhi, unaketi kufanya mtihani wakati ambao mwili wako umezoea kuanza kulala. Saa ya mwili husogea polepole, kwa wastani kama saa moja kwa siku, hivyo usiku mmoja wa mapumziko hautoshi kuigeuza. Omba nafasi ya mwisho ya siku, au tafuta likizo ya wiki nzima.

Ya nyumbani nayo ina masharti yake. Unahitaji kompyuta yenye kamera, wala si simu au tableti. Uwe peke yako chumbani na mlango umefungwa, na mtu akiingia mtihani unaweza kufutwa. Karatasi ya kawaida ya kukokotolea hairuhusiwi. Unatumia ubao mdogo mweupe na kalamu ya kufutika, au karatasi moja iliyowekwa ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha. Nunua ubao huo wiki ya kwanza na ukokotolee juu yake mwezi mzima, kwa sababu nafasi yake ni ndogo na wino wake ni mnene, na mkono uliozoea daftari la mistari hukwama. Kuhusu stima na intaneti, jibu swali moja kwa unyofu: katika ploti yenu, jioni, unaweza kupata saa mbili na nusu za utulivu bila umeme kupotea? Kama huwezi, tafuta chumba kwa ndugu au rafiki mwenye laini ya uhakika, na uyafanyie humo majaribio ya wiki ya nne. Hakikisha pia jina uliloandika kwenye akaunti ya ETS, shirika linaloandaa GRE, linalingana herufi kwa herufi na lile la kitambulisho utakachotumia.

Siku yenyewe ilivyo

Mtu wetu anatoka Westlands saa kumi na mbili, anafika Umoja kama saa moja na robo, anakula kidogo na kulala saa mbili asubuhi hadi saa tisa alasiri. Saa hizo saba ni sehemu ya masomo, maana ulichojifunza hukaa vizuri zaidi kichwani ukilala. Vaa kofia njiani ili jua la asubuhi lisikuamshe, na uweke pazia zito dirishani. Kikombe cha mwisho cha kahawa au chai ya rangi kiwe saa nane usiku. Kafeini huchukua saa tano au sita kupungua nusu mwilini, na anayekunywa saa kumi na moja alfajiri analala usingizi mwepesi bila kujua sababu.

Ukiamka saa tisa, usikimbilie maswali. Oga, kula, acha uzito wa usingizi uondoke. Saa kumi anza zoezi la kasi pamoja na uchambuzi wake, jumla dakika 75. Saa mbili usiku, wakati foleni ya Jogoo Road inarudi Eastlands na wewe unaelekea mjini, pitia makosa ya jana kwa macho tu. Kwenye mapumziko ya kazini fanya msamiati, dakika 15. Ofisi nyingi za simu haziruhusu simu wala karatasi mezani, kwa hiyo weka kadi za karatasi ngumu kwenye kabati lako na uzitoe ukienda kantini. Kati ya saa tisa na saa kumi na moja alfajiri mwili huwa chini kabisa. Usijipime saa hizo hata kama simu zimetulia. Baada ya zamu, hakuna masomo.

Siku mbili za ofu ndizo zenye kishawishi. Marafiki wanaishi mchana, nawe unataka kuishi mchana. Ukigeuza ratiba nzima Jumamosi, utakuwa umeiharibu Jumatatu. Lala kama saa tisa usiku na uamke saa nne au saa tano asubuhi. Hapo unapata mchana wa kutosha na bado hujaenda mbali na ratiba ya kazi.

Wiki ya kwanza: pima, kisha fungua daftari la makosa

Kwenye akaunti ya ETS kuna majaribio mawili kamili ya bure yanayoitwa POWERPREP Online. Tumia la kwanza siku ya ofu, saa kumi na moja jioni, kwa muda kamili na kwa ubao ule ule. La pili liache wiki ya nne.

Siku inayofuata ndiyo kazi halisi inaanza. Kabla hujasoma jibu lolote, chukua maswali yote uliyokosa uyafanye tena bila saa, ukiwa umelala vya kutosha. Halafu ndipo uangalie majibu. Tuseme katika sehemu ya hesabu yenye maswali 12 alipata 7 na kukosa 5. Anayarudia bila saa na anapata 3 kati ya hayo 5. Maana yake ni kwamba yaliyomshinda kwa ujuzi ni mawili tu. Matatu aliyajua, ila kuna kitu kilimzuia, na lazima atafute ni kitu gani.

Daftari la makosa linajibu swali hilo. Kila swali lipate mstari mmoja: aina ya swali, muda uliotumia, kosa lilikuwa nini, na saa ngapi zilikuwa zimepita tangu uamke. Safu hiyo ya mwisho huioni kwenye mipango ya watu wa mchana, na kwako ina thamani kuliko zote. Kosa liandike kwa sentensi inayoweza kukusaidia. "Uzembe" hausaidii chochote. "Niliulizwa tofauti, nikajibu jumla" linasaidia. Baada ya wiki moja utaona kama makosa ya kusoma vibaya yanarundikana kwenye safu ya saa fulani. Yakirundikana, hamisha zoezi, usiongeze masomo.

Siku zilizobaki za wiki hii soma yale mawili usiyoyajua, polepole, bila kipima muda. Usikimbilie kasi bado. Ukimkimbiza mtu ambaye hajajua njia, atazoea njia mbaya.

Wiki ya pili: seti fupi, uchambuzi mrefu

Sasa saa inaingia. Zoezi la kila alasiri ni maswali sita. Leo hesabu kwa dakika 10 na nusu, kesho lugha kwa dakika 9. Muda ukiisha, unasimama. Dakika zinazobaki hadi 75, yaani karibu saa nzima, ni za uchambuzi. Watu hupinga hapa. Wanaona maswali sita ni machache mno na wanataka 30. Lakini kasi ya mtihani huu hutokana na kuitambua aina ya swali mapema na kuchagua njia fupi, na njia fupi inapatikana ukikaa na swali ulilokwisha kulifanya.

Tazama mfano. Bei ya bidhaa ilipandishwa kwa asilimia 25. Ipunguzwe kwa asilimia ngapi ili irudi bei ya kwanza? Mtu wetu aliandika p, kisha 1.25p, akaunda mlinganyo wenye x, akapata jibu sahihi kwa dakika mbili na sekunde 50. Katika orodha ya alama, swali hilo limepita. Katika uchambuzi halijapita, kwa sababu lilikula dakika moja ya swali jingine. Alirudie hivi: bei ya kwanza iwe 100, ikapanda ikawa 125, inatakiwa kushuka 25 kutoka 125, na 25/125 ni asilimia 20. Sekunde 25. Sentensi ya daftari ni: "Asilimia bila kiasi cha kuanzia, weka 100." Ndiyo maana uchambuzi uguse pia maswali uliyopata lakini yakapita dakika mbili.

Mfano wa pili ni wa maswali ya kulinganisha, ambako unapewa Quantity A na Quantity B na kuulizwa ipi kubwa, au kama zinalingana, au kama haiwezekani kujua. Umeambiwa x ni kubwa kuliko 0. Quantity A ni x², Quantity B ni x. Aliyechoka hujaribu 2, akapata 4 dhidi ya 2, akajaribu 3, akapata 9 dhidi ya 3, akachagua A. Lakini weka 1/2: Quantity A inakuwa 1/4 na Quantity B inakuwa 1/2, na sasa B ndiyo kubwa. Namba mbili zimetoa majibu mawili tofauti, kwa hiyo haiwezekani kujua, na huna haja ya kujaribu ya tatu. Zoea kujaribu namba za aina tofauti: namba kubwa, sehemu kati ya 0 na 1, na kama swali linaruhusu, 0 na namba hasi. Kujaribu 2, 3 na 5 ni kujaribu kitu kimoja mara tatu.

Kwenye lugha, uchambuzi ni wa namna nyingine. Katika maswali ya kujaza mapengo, funika majibu, soma sentensi, useme neno lako mwenyewe, hata kwa Kiswahili, kisha ndipo utafute linalofanana nalo. Kumbuka kwamba swali lenye mapengo mawili au matatu linahitaji yote yawe sahihi, hakuna nusu alama, na lile la kuchagua maneno mawili linadai yote mawili. Ukikosa, jiulize kama ulikosa neno au ulikosa kiungo cha sentensi, yaani lile neno dogo linalogeuza maana katikati. Ukikosa neno, liandikie kadi. Ukikosa kiungo, kadi mia hazitakusaidia. Kwa kifungu cha kusoma, onyesha kwa kidole mstari unaothibitisha jibu lako. Usipouona, ulikisia, hata kama ulipata.

Wiki ya tatu: sehemu nzima

Urefu ndio unaongezeka. Alasiri moja fanya maswali 12 ya hesabu kwa dakika 21, inayofuata 12 ya lugha kwa dakika 18, kisha 15 kwa 26, kisha 15 kwa 23. Hapa unajifunza kuacha. Swali likifika dakika mbili bila njia kuonekana, chagua jibu lolote, liwekee alama, songa. Raundi ya kwanza imalizike ukiwa na dakika tatu hivi za kurudi. Kipimo chako katikati ya sehemu ya hesabu yenye maswali 12 ni hiki: ukimaliza la 6, saa isionyeshe chini ya dakika 10 zilizobaki.

Wiki hii rudia pia makosa ya wiki ya kwanza, bila kutazama sentensi za daftari. Uliyoyapata mara mbili kwa siku tofauti yafute. Ukikosa tena kwa sababu ile ile, sentensi uliyoandika haikuwa sababu halisi. Iandike upya.

Insha ifanyie kazi siku mbili za ofu, moja kila siku, dakika 30 kwa kompyuta. Zaidi ya hapo si lazima, isipokuwa kozi unayoomba inaitazama sana.

Kama zamu ilikuwa mbaya na umelala saa nne tu, usifanye sehemu nzima. Chambua ya jana. Ukijipima siku hiyo utapata namba inayokutisha bure.

Wiki ya nne: punguza

Fanya POWERPREP ya pili siku sita au saba kabla ya mtihani, katika chumba utakachotumia, saa ile ile, ukianza na insha bila kuiruka. Wengi huiruka, kisha siku ya mtihani wanashangaa hesabu ya mwisho imekuwa nzito. Chambua kwa siku mbili. Ukikuta matokeo yako mbali sana na yale chuo kinachotaka, bado una nafasi ya kuahirisha, lakini fanya hivyo kabla hazijabaki siku nne, maana baada ya hapo ETS hawakubali kubadilisha.

Baada ya hapo hakuna mada mpya. Kila alasiri seti moja ya maswali sita, kisha daftari. Zungumza na msimamizi wa zamu mapema, ikiwezekana tangu wiki ya kwanza, upate usiku mbili kabla ya mtihani bila kazi. Ukiweza kubadilishana na mwenzako mmoja tu, chukua usiku unaoutangulia mtihani. Usiku huo usijaribu kulala saa tatu kama mtu wa mchana, utageuka kitandani hadi alfajiri. Lala saa zako za ofu, uamke saa tano, ule, utembee nje kidogo, na saa kumi ujaribu kompyuta, kamera na ubao.

Mwisho wa mtihani skrini itakuuliza kama unataka alama zako ziripotiwe au zifutwe, na utajibu kabla hujaziona. Ziripoti. Alama za lugha na hesabu zitaonekana hapo hapo, na baadaye ni wewe utakayechagua ni matokeo ya siku gani yatumwe chuoni. Ikibidi kurudia, unaruhusiwa baada ya siku 21, na daftari la makosa ndilo la kuanzia. Andika maswali uliyoyahisi magumu kwa aina zake tu jioni ile ile, kwa sababu saa nne usiku unaofuata utakuwa umerudi kwenye simu.